Habari ile ile, saa tofauti

Je, ofisi ikipangwa upya, si haki zaidi kuwaita wafanyakazi wote na kuwaambia kwa mpigo mmoja?

Kwa miaka kadhaa ningekujibu ndiyo bila kupepesa macho. Nilikuwa afisa utumishi katika kampuni ya kuhifadhi na kusafirisha korosho hapa Mtwara. Menejimenti ilipoamua kuhamisha dawati la uhasibu kutoka Lindi, mimi ndiye niliyependekeza mkutano mmoja. Watu wa Mtwara walikaa chini ya mwembe nje ya ghala, wa Lindi wakasikiliza kwa simu iliyowekwa sauti ya juu, na meneja akasoma karatasi moja. Hakuna aliyependelewa, hakuna aliyesikia kwa jirani. Nilijiona nimemaliza uvumi kabla haujazaliwa.

Mkutano ulichukua dakika arobaini na yakaulizwa maswali matatu, yote ya adabu. Kabla ya saa saba mchana, Lindi nzima ilijua kwamba madereva wamefukuzwa. Hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Nilipofuatilia nikakuta chanzo ni mchoro wangu mwenyewe wa muundo mpya. Nilikuwa nimeuchora kwenye karatasi ya manila, nafasi ikaisha upande wa kulia, na kisanduku cha madereva sikukiingiza. Mtu akaupiga picha na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp. Wenye macho waliona muundo mpya usio na madereva.

Kisanduku kile niliweza kukichora siku iliyofuata. Kosa kubwa lilikuwa jingine: nilidhani usawa ni kila mtu kusikia kwa wakati mmoja, na nikasahau kwamba habari ile haikuwa na uzito mmoja kwa kila mtu.

Hebu fikiria msiba. Mtu akifariki hospitali ya Ndanda, hakuna anayeanza na kipaza sauti cha msikiti huku mke wa marehemu yuko sokoni anachagua nyanya. Mzee mmoja hutumwa kwake kwanza, ana kwa ana, na mara nyingi huenda na mtu wa kumshika. Kisha ndugu wa karibu huambiwa, kisha msikiti hutangaza, kisha simu huenda Dar na Tunduru. Habari ni moja, wala hakuna anayelalamika kwamba amechelewa kuambiwa kuliko mjane. Wangelalamika kama mjane angesikia pamoja nao. Kila mtu mwenye akili timamu Kusini anaujua utaratibu huu, nami niliujua. Niliuacha nje ya geti la ofisi tu.

Ofisini utaratibu huo hufanya kazi kwa sababu mtu anayesikia neno "mabadiliko" hana nafasi kichwani ya kitu kingine mpaka ajibiwe swali moja: mimi je? Meneja anaeleza gharama za uendeshaji, karani anawaza ada ya shule. Ukiwakusanya watu wote, huwezi kumjibu kila mmoja mbele ya wenzake, kwa hiyo unasema maneno mapana yanayomfaa kila mtu na yasiyomjibu yeyote. Wanatoka na swali lile lile, na sasa lina moto.

Uvumi huingia hapo, nao hufanana sana na kangomba, yaani kuuza korosho kwa magendo nje ya mnada. Mkulima wa Tandahimba anajua vizuri kwamba mnunuzi wa kangomba anamlipa kidogo kuliko mnada. Anamuuzia kwa sababu analipa sasa hivi, na malipo halali bado yako njiani. Habari ya kijiweni nayo ni duni na mwenye kuinunua anajua ni duni, lakini iko mkononi. Mwaka 1947 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, waliliandika wazo hili kama hesabu: nguvu ya uvumi ni uzito wa jambo kwa msikilizaji, mara utata wake. Kwa kuwa ni kuzidisha, basi utata ukifika sifuri uvumi unakufa hata jambo liwe zito vipi. Napenda hesabu hiyo, ila isichukuliwe kama mizani ya ghala. Ilitokana na hoja zaidi ya vipimo, na waliokuja baadaye hawakukubaliana kuhusu upande wa uzito. Upande wa utata ndio ulioshika.

Uthibitisho mzuri zaidi ninaoujua ni wa mwaka 1991, wa watafiti David Schweiger na Angelo DeNisi. Kampuni mbili za Marekani zilikuwa zinaungana. Kiwanda kimoja kilipata taarifa za mara kwa mara, simu ya kuulizia na vikao vya wasimamizi, na kingine kikaachwa na barua ya kawaida ya tangazo. Wasiwasi ulipanda kote kuwili. Penye taarifa ulifika mahali ukasimama, na kwingine ukaendelea kupanda. Ni viwanda viwili tu, kwa hiyo sitajenga nyumba ya ghorofa juu yake. Lakini tazama kisichotokea: kusema ukweli hakukuwafurahisha watu. Kulizuia tu hali isizidi kuharibika.

Miaka miwili baada ya manila yangu, kampuni ile ile ikataka kuunganisha tawi la Masasi na ofisi ya Mtwara. Watu 38. Safari hii niligawa makundi kwa kuuliza ni nini kinabadilika kwa nani, bila kujali cheo. Makarani watatu wa hesabu nafasi zao zilikuwa hatarini. Madereva tisa walikuwa wanabadilishiwa msimamizi. Wasimamizi watano ndio watakaoulizwa maswali. Waliobaki, yaani walinzi, watunza ghala na makarani wa mizani, hawakuguswa kabisa. Kundi hili la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo kubwa. Mtu asiyeambiwa "kwako hakuna kinachobadilika" huhesabu ukimya kama hukumu.

Kabla ya saa na njia kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu atoe taarifa mara tu anapofikiria, atoe maelezo yote yanayohusika, na ashauriane nao au na chama chao kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, namna ya kuchagua nani aondoke, muda na kiinua mgongo. Kwa hiyo ujumbe kwa makarani watatu haukuweza kusema "tumeamua". Ulisema "tunafikiria", na ilibidi iwe kweli. Kwa madereva ulisema "tumeamua", kuanzia Julai 1, kwa sababu kubadilisha msimamizi hakumwondoi mtu kazini. Kuyachanganya maneno hayo mawili katika barua moja ni kujitafutia safari ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Tulichagua Jumanne ya mwezi Mei. Oktoba minada inapoanza hakuna anayesikiliza kitu isipokuwa bei na foleni ya magari. Ijumaa niliikataa pia. Ukitangaza asubuhi, saa sita watu wanajiandaa kwa sala, mchana unapotea, kisha wanakwenda nyumbani na siku mbili za maswali yasiyo na wa kuyajibu. Jumanne inakuachia siku tatu za kazi.

Meneja alilala Masasi Jumatatu. Saa moja na nusu asubuhi aliwaambia wasimamizi watano, na kila mmoja akapewa ukurasa mmoja wa majibu ya maswali aliyotarajiwa kuulizwa. Wangeweza kuambiwa jana yake jioni, na wataalamu wengi hupenda hivyo ili msimamizi apate muda wa kutafakari. Mimi naijua kahawa ya barazani, habari hailali humo. Saa mbili aliwaona makarani watatu, mmoja mmoja, mlango umefungwa, na kila mmoja akatoka na barua. Saa nne wasimamizi walikaa na watu wao. Saa tano na nusu tangazo lilibandikwa ubaoni na kutumwa kwenye simu. Kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ni muda wa saa nne. Saa nne hizo hazikutoka kwenye utafiti wowote, nilikadiria tu kasi ya WhatsApp ya pale ofisini.

Kwa nini ana kwa ana kwa wengine na karatasi kwa wengine? Wataalamu wa menejimenti Richard Daft na Robert Lengel, mwaka 1986, walipanga njia za mawasiliano kwa uwezo wake wa kubeba utata. Mazungumzo ya uso kwa uso yako juu, kwa sababu unaona jicho, unasikia kusita na unajibu papo hapo. Tangazo la ubaoni liko chini. Jambo lenye utata huhitaji njia ya juu. Lakini usitupe karatasi. Mtu aliyeshtuka hakumbuki tarakimu. Karani mmoja alikuwa na miaka 13 kazini, na sheria inaweka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwake, kama ingefikia huko, ni siku 70, wala si 91 kama mumewe alivyopiga hesabu usiku. Barua ndiyo iliyomaliza ubishi huo nyumbani kwao.

Msemaji naye ni njia. Tafiti za Prosci, kampuni inayochunguza mabadiliko kazini, ambazo zinategemea watu kujieleza wenyewe, zimerudia jambo moja kwa miaka: sababu za mabadiliko watu hutaka kuzisikia kwa mkubwa wa juu, na athari kwao binafsi kwa msimamizi wao wa karibu. Meneja alipojaribu kumweleza mlinzi kwamba zamu zake hazibadiliki, mlinzi alisikiliza kwa heshima kisha akaenda kumuuliza msimamizi wake.

Alhamisi nilipita nikiuliza watu sita swali moja: nini kinabadilika kwako, na lini? Watano walijibu sawa na karatasi. Wa sita, mtunza ghala, alijibu kwa swali, "Kwani ni kweli mnauza ghala?" Swali linaloanza na "kwani ni kweli" ni dalili kwamba mtu amekwisha nunua kwa kangomba. Msimamizi wake aliugua Jumanne ile baada ya kikao cha wasimamizi, na kikao cha saa nne hakikufanyika kwake. Mpango wangu haukuwa na mtu wa akiba.

Dereva mmoja alikuwa njiani kuelekea Dar. Tulikubaliana asipigiwe akiwa kwenye usukani, bali akisimama kula Nangurukuru. Msimamizi wake wa zamani alimpigia, yule mpya akiwa kando yake, wakamweleza wote wawili, dakika tano. Akanyamaza, tukasikia sahani zikigongana, kisha akauliza, "Sawa mzee, na mafuta ya kurudia anasaini nani?"

Katika ukurasa mzima wa majibu, hilo halikuwemo.