Kobe hurudi na uelekeo wake: dhana potofu kuhusu miti ya fraktali

Nafundisha programu jioni hapa Nairobi, na kila kundi jipya likifika kwenye mifumo ya L, ambapo herufi hupanuliwa kwa kanuni na kobe wa kwenye skrini huchora mfuatano unaopatikana, naijua sentensi itakayotoka: "Mwalimu, kanuni ni sahihi, herufi ni sahihi, lakini mti wangu hauna matawi." Naangalia skrini na ninaona kile kile, fimbo iliyopinda kushoto. Kanuni huwa sahihi kweli. Kosa liko kwenye bano la kufunga, na limetokana na dhana ambayo nimechoka kuisikia.

Dhana: "Bano la kufunga humrudisha kobe mahali alipokuwa, basi."

Siyo basi. Kobe ana vitu viwili daima: mahali alipo na upande anaoutazama. `F` hubadilisha mahali, `+` na `-` hubadilisha uelekeo. Bano la kufungua linaweka vyote viwili juu ya rundo, na bano la kufunga linavitoa vyote viwili. Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia aliyeanzisha mifumo hii mwaka 1968, alitumia mabano kuonyesha pale tawi linapotoka kwenye shina. Shina linaendelea kana kwamba tawi halikuwahi kuwepo, na haliwezi kuendelea hivyo kama kobe amerudi akiwa bado anatazama upande wa tawi. Mrudishe mtu kwenye mzunguko wa Globe akiwa ameelekezwa Pangani, umwambie "songa mbele", halafu ulalamike kwamba hakufika katikati ya mji.

Tuchukue kanuni fupi, katika kila kizazi kila `F` inageuka kuwa `F[+F]F[-F]F`, hatua ya 10, pembe ya digrii 30. Kobe anaanzia (0, 0) akitazama juu, yaani digrii 90. `F` ya kwanza inamfikisha (0, 10). Bano linafunguka: tunahifadhi (0, 10) pamoja na 90. `+` inamgeuza kushoto hadi digrii 120, `F` inachora tawi hadi (-5, 18.7) hivi. Bano linafunga: anarudi (0, 10), anatazama tena 90, na `F` inayofuata inaendeleza shina hadi (0, 20). Tawi la pili linatoka hapo kuelekea kulia kwa namna hiyo hiyo, kisha shina linamalizikia (0, 30). Mistari mitano, shina limenyooka, matawi mawili.

Sasa rudisha mahali peke yake. Kobe amerudi (0, 10) lakini bado anatazama digrii 120. `F` inayofuata, ile iliyopaswa kuendeleza shina, inapita juu ya tawi lenyewe hadi (-5, 18.7). Mstari juu ya mstari. Kisha `[-F]`: `-` inamrudisha kwenye 90, anachora kwenda juu, anarudishwa (-5, 18.7), na kwa kuwa bado anatazama 90, `F` ya mwisho nayo inapita juu ya tawi la pili. Kobe ametembea mara tano, wewe unaona mistari mitatu. Matawi yapo, ila kila moja limefunikwa na shina.

Hapa ndipo watu wanaponiambia, "Sawa, lakini vizazi vikiongezeka si utaonekana mti?" Hapana. Katika kanuni hii idadi ya `+` ni sawa na idadi ya `-`, kwa hiyo kila `F` iliyopanuliwa inamaliza na uelekeo ule ule ilioanza nao. Kila tawi linaanzia pale shina linapoendelea, kwa uelekeo ule ule, na kwa umbo lile lile. Yanafunikana kabisa katika kila kizazi. Kizazi cha pili kobe anatembea mara 25 na unaona mistari 9. Kizazi cha nne anatembea mara 625 na mistari inayoonekana haizidi 81. Ni tatu kwa nguvu ya kizazi badala ya tano kwa nguvu ya kizazi, na ndiyo maana ninasisitiza muhesabu mistari ya kizazi cha kwanza kwa kidole kabla ya kukimbilia cha tano. Ukiona mitatu badala ya mitano, usiguse kanuni. Nenda kwenye bano.

Msimbo wenyewe ni mfupi. Kwa wanaotumia `turtle` ya Python:

```python
elif c == "[":
    rundo.append((t.position(), t.heading()))
elif c == "]":
    mahali, uelekeo = rundo.pop()
    t.penup()
    t.setposition(mahali)
    t.setheading(uelekeo)
    t.pendown()
```

Ukibadilisha unene wa kalamu au rangi ndani ya tawi, navyo ni sehemu ya hali ya kobe na vinaingia rundoni pamoja na hivi viwili. Vinginevyo shina litatoka kwenye tawi likiwa jembamba kama tawi, na utaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Kuna wanaogundua kwamba kobe anarudi akiwa amepinda, halafu badala ya kuhifadhi uelekeo wanaongeza alama ya kinyume kabla ya bano: `F[+F-]F[-F+]F`. Picha inatoka sawa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu sasa wanaamini wameelewa. Kiraka hiki kinafanya kazi tu kwa sababu kanuni hii ina mizani. Chukua ile kanuni maarufu ya mmea, ambapo `F` inakuwa `FF` na `X` inakuwa hivi:

```
X → F+[[X]-X]-F[-FX]+X
```

Hesabu alama zake: `+` mbili, `-` tatu. Kama uelekeo haurudishwi, `X` moja inamwacha kobe amepinda pembe moja kulia baada ya kizazi cha kwanza. Lakini ndani yake kuna `X` nne, na kila moja inapanuliwa. Kizazi cha pili mpindo unakuwa pembe tano, cha tatu pembe 21. Hakuna alama utakayoandika kabla ya bano itakayosawazisha kiasi kinachobadilika kila kizazi. Hifadhi uelekeo, na hesabu hii yote inaondoka.

Kanuni hiyo ya `X` ndiyo ninayotaka muitumie kujaribu programu zenu, siyo ile yenye ulinganifu. Ile ya kwanza inaficha kosa lingine kabisa: kusahau kuinua kalamu kwenye `]`. Kobe anaporudi kalamu ikiwa chini, anachora mstari ulionyooka kutoka ncha ya tawi hadi shina. Katika `F[+F]F[-F]F` mhimili wa kila tawi umenyooka wenyewe, kwa hiyo mstari wa kurudi unalala juu yake na huoni chochote, hata kwenye kizazi cha sita. Ukihamia kwenye kanuni ya `X`, ambayo matawi yake yamepinda, ghafla mmea wako unajaa nyuzi zinazokatiza hewani kutoka ncha hadi shina. Mwanafunzi anaapa kwamba kanuni mpya ina kosa kwa sababu "msimbo ulikuwa unafanya kazi". Haukuwa unafanya kazi. Haukuwa umejaribiwa.

Dhana: "Rundo la nini? Jina moja la kuhifadhi hali linatosha."

Linatosha kwa kizazi cha kwanza tu cha ile kanuni fupi. Kizazi cha pili kina `[+F[+F]F[-F]F]`, yaani bano ndani ya bano. Ukihifadhi kwenye jina moja, bano la ndani linafuta kilichohifadhiwa na la nje, na tawi kubwa likiisha kobe anarudi kwenye kifundo kidogo kilicho katikati ya tawi badala ya shina. Dalili yake ni mti unaohama: kila tawi linaondoka na shina. Katika kanuni ile fupi kina cha mabano ni sawa na namba ya kizazi. Katika ya `X` kila kizazi kinaongeza viwili, kwa sababu ya `[[X]`, na kwa sababu hiyo jina moja haliwezi kuitosha. Baada ya kuchora, andika `print(len(rundo))`. Jibu lazima liwe 0. Likizidi 0 umesahau kufunga bano mahali, na likifunga mara nyingi kuliko lilivyofunguka utapata `IndexError: pop from empty list`, ambayo angalau inakuambia ukweli.

Dhana: "Kanuni zikiwa mbili, tumia `replace` mara mbili."

Uandishi upya wa mfumo wa L hutokea kwa herufi zote kwa pamoja. Mkunjo wa joka una `X → X+YF+` na `Y → -FX-Y`, ukianza na `FX`. Kizazi cha kwanza ni `FX+YF+`. Ukibadilisha `X` kwanza kwa `replace`, kisha `Y`, ile `Y` iliyozaliwa sasa hivi inapanuliwa kabla ya wakati wake na unapata `FX+-FX-YF+`. Pitia herufi moja moja na ujenge mfuatano mpya pembeni:

```python
mpya = "".join(kanuni.get(c, c) for c in neno)
```

Dhana: "Kila herufi lazima ifanye kitu." `X` na `Y` hapo juu hazimsogezi kobe hata kidogo. Kazi yake ni kupanuka tu. Kobe akizikuta, azipite. Ukiipa `X` hatua ya mbele "ili isikae bure", umechora mkunjo mwingine.

Dhana: "Vizazi vingi zaidi, picha nzuri zaidi." Shina la kanuni yetu fupi huongezeka mara tatu kila kizazi. Kizazi cha tano lina urefu wa hatua 243. Ukiacha hatua ya pikseli 10, shina ni pikseli 2430 na mti umetoka nje ya skrini. Kwa picha ya pikseli 600, gawanya 600 kwa 243, hatua iwe kama 2.5. Kizazi cha sita hatua tayari iko chini ya pikseli moja. Cha saba kobe ana `F` 78,125 za kutembea, na jicho halioni tofauti na kizazi cha sita. Kabla ya kulaumu mashine, weka `turtle.tracer(0)` mwanzoni na `turtle.update()` mwishoni, kisha urudi kizazi cha tano.