Ankara za wazabuni wengi katika faili moja la CSV: safu ipewe jina la maana yake

Mhasibu wa shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Iringa alituletea swali linaloonekana dogo. Alikuwa amepokea ankara tatu ndani ya wiki moja, programu ya kusoma hati ikazinyofoa na kuziweka kwenye faili la CSV, naye alipojumlisha safu iliyoitwa "jumla" akapata shilingi 2,408,000. Vocha za malipo, kwa upande wake, zilisema 2,462,000. Tofauti ilikuwa shilingi 54,000, na hakuna tarakimu hata moja iliyokuwa imesomwa vibaya.

Tuliziweka karatasi zenyewe mezani. Ya kwanza ilitoka duka la vifaa vya ujenzi la mjini Iringa: mifuko 40 ya saruji kwa 17,700, na chini yake neno "Jumla" likiwa na 708,000, bei ambayo Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ilikuwa imeshaingizwa ndani. Ya pili ilikuwa ya mbao kutoka Mafinga: mbao 60 kwa 5,000, "Jumla" 300,000, kisha VAT 54,000, kisha "Jumla Kuu" 354,000. Ya tatu iliandikwa kwa mkono na kikundi cha wakulima wa Isimani ambacho hakijasajiliwa kwa VAT: magunia 20 ya mahindi kwa 70,000, "Jumla" 1,400,000. Neno ni lile lile katika karatasi zote tatu, lakini kwa muuzaji wa mbao lina maana ya fedha kabla ya kodi, na kwa mwenye saruji lina maana ya fedha yote ya kulipwa. Programu ililifuata neno, ndiyo maana VAT ya mbao ikapotea.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika kupanga safu ni kuzipa majina yanayotokana na maana ya kihasibu, wala si maneno yaliyochapwa kwenye karatasi ya mzabuni. Sisi tunatumia safu tatu za fedha: kiasi kabla ya kodi, kodi yenyewe, na kiasi cha kulipwa. Kila mzabuni mpya anapoingia, mtu huketi na ankara yake moja na kuamua neno gani la kwake linaingia katika safu ipi. Kazi hiyo hufanyika mara moja kwa kila mzabuni, na mimi huona ni afadhali ifanywe na mhasibu kuliko fundi wa kompyuta, kwa sababu fundi ataona neno na mhasibu ataona fedha.

Ankara ya saruji inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kodi yake haikuandikwa popote. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18, na wengi hukosea kwa kuchukua asilimia 18 ya 708,000, wakapata 127,440. Njia sahihi ni kugawa 708,000 kwa 1.18, ambapo bei kabla ya kodi inakuwa 600,000 na kodi 108,000. Kosa hilo la shilingi 19,440 haliwezi kunaswa na hesabu ya kujumlisha, kwa sababu 580,560 ukiongeza 127,440 bado unapata 708,000 kamili.

Hapo ndipo tulipojifunza kuongeza safu inayosema namba ya kodi imetoka wapi. Namba iliyoandikwa na muuzaji ni ushahidi, ilhali namba tuliyoikokotoa sisi ni hesabu yetu tu. Ukizichanganya, ukaguzi wa "kabla ya kodi jumlisha kodi ni sawa na jumla" utafaulu daima kwa zile ulizokokotoa, maana umeipata kodi kutoka kwenye jumla hiyo hiyo. Ukaguzi huo una maana pale tu ambapo namba zote tatu zimesomwa kwenye karatasi.

Faili la ankara hizo tatu sasa liko hivi:

```
ankara_id,mzabuni_id,namba_ankara,tarehe,sarafu,kabla_ya_vat,vat,jumla,hali_vat,chanzo_vat
A001,W07,0045,2025-04-03,TZS,600000,108000,708000,kawaida,imekokotolewa
A002,W12,INV-218,2025-04-03,TZS,300000,54000,354000,kawaida,imeandikwa
A003,W21,0045,2025-04-05,TZS,1400000,0,1400000,hajasajiliwa,haihusiki
```

Jumlisha safu ya `jumla` na utapata 2,462,000. Sifuri iliyo kwenye mstari wa mahindi ni ya makusudi: tunajua kwamba kodi haikutozwa. Kama nakala ya kaboni imefifia na kodi haisomeki, safu ya `vat` huachwa tupu na `hali_vat` huandikwa `haijulikani`. Anayejaza sifuri mahali pasiposomeka amegeuza kutojua kuwa taarifa, na baadaye hakuna atakayeweza kuzitenganisha mbili hizo.

Tazama pia kwamba A001 na A003 zina namba moja, 0045. Wazabuni wadogo hununua vitabu vya ankara vilivyochapwa tayari madukani, hivyo namba hugongana, na hata muuzaji mmoja anaweza kuirudia akianza kitabu kipya. Tunaitambua ankara kwa mzabuni, namba na tarehe kwa pamoja, na vitatu hivyo vikifanana na vya mstari uliokwisha kuingia, mstari mpya husimamishwa hadi mtu auangalie. Namba hiyo lazima ihifadhiwe kama maandishi. Ukilifungua faili kwa kulibofya tu, Excel itaifanya 0045 kuwa 45, na ukihifadhi, sifuri hazirudi.

Fedha huandikwa bila koma na bila "/=", kwa kuwa koma ndiyo inayotenganisha safu, na 708,000 isiyofungwa kwa alama za kunukuu hugeuka kuwa visanduku viwili. Tarehe huanza na mwaka, kwani 03/04/2025 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini programu iliyowekwa kwa desturi ya Marekani huisoma kuwa tarehe 4 Machi.

Bidhaa zenyewe tumeziweka katika faili la pili, mstari mmoja kwa kila bidhaa, zikiunganishwa na la kwanza kwa `ankara_id`. Toleo letu la awali liliweka kila kitu pamoja, kiasi kwamba ankara yenye bidhaa tano ilirudia jumla yake mara tano, na aliyejumlisha safu alipata deni mara tano ya lile halisi. Katika faili hilo la pili kuna safu ya kipimo, nayo hunakiliwa kama ilivyoandikwa: mfuko, gunia, debe, kilo. Kuna aliyependekeza kila gunia ligeuzwe kuwa kilo 100 ili bei zilinganishwe. Anayenunua viazi Nyanda za Juu Kusini anaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo chake, na hatakubali pendekezo hilo. Uzito tumeupa safu yake, `kilo_zilizopimwa`, inayojazwa pale tu mzigo ulipopita kwenye mizani ya stoo. Kwa mahindi ya Isimani bado ni tupu, kwa sababu siku ile mizani ya shule ilikuwa mbovu.