Chimbuko, dai, sera: kuibana sura ya nadharia za uhalifu

Swali: Sura ya nadharia za uhalifu ina majina mengi hadi yananichanganya. Nitaifupishaje nibaki na chimbuko, madai na sera ya kila nadharia?

Usianze na majina. Kila ukifika kwenye nadharia mpya, tafuta kwanza sentensi inayosema chanzo cha uhalifu kiko wapi: kwenye hesabu za mtu kichwani, kwenye mwili wake, kwenye mtaa anaokaa, au kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Ukishaipata, chimbuko litakuwa jibu la nani aliona nini hata akadai hivyo. Sera nayo ni kukigusa chanzo hichohicho. Sera isiyokigusa chanzo imepotea njia, hata kama yenyewe ni nzuri.

Tuchukue nadharia ya mvurugiko wa jamii. Clifford Shaw na Henry McKay walikusanya kumbukumbu za mahakama ya watoto ya Chicago za miongo kadhaa, wakaweka alama kwenye ramani mahali alipoishi kila kijana aliyeshtakiwa. Alama zilisongamana karibu na katikati ya jiji, zikapungua kadiri ulivyoelekea pembezoni. Hilo peke yake lisingeshangaza. La ajabu ni kwamba wakazi wa maeneo yale walikuwa wamebadilika: Wajerumani na Waairishi walihama, Wapolandi na Waitalia wakaingia, lakini uhalifu ukabaki palepale. Tena familia zilizohamia pembezoni hazikuhama nao.

Kwa hiyo dai lao, walilolichapisha kwa urefu mwaka 1942, ni kwamba tatizo liko kwenye mtaa, si kwenye kabila la wakazi. Umaskini na kuhamahama huwafanya majirani wasijuane, na wasiojuana hawawezi kuwakanya watoto wa wenzao. Sera inajitokeza yenyewe: wape wakazi nguvu ya kujipanga. Shaw mwenyewe alianzisha mradi wa namna hiyo Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukiwa na kamati za wenyeji na michezo ya vijana. Kwenye muhtasari, hayo yote yanaingia katika mistari mitatu: ramani za mahakama, mtaa usioweza kujidhibiti, kamati za wakazi. Ongeza neno moja la tahadhari, kwamba ramani inaeleza mtaa, haimwelezi kijana mmoja mmoja. Isitoshe, kumbukumbu za mahakama huonyesha pia polisi walikamata wapi zaidi.

Wengi hujikwaa kwa Cesare Beccaria. Husoma kwamba mtu hupima faida na hasara kabla ya kutenda, kisha kwenye sera huandika "adhabu kali". Laiti wangerudi kwenye chimbuko! Beccaria aliandika mwaka 1764, wakati ambapo watu waliteswa ili wakiri, na majaji walihukumu walivyopenda. Alichodai ni kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa na kuadhibiwa upesi, kuliko ukali. Sera yake basi ni sheria zilizoandikwa wazi, adhabu inayolingana na kosa, kesi isiyocheleweshwa, na kufuta mateso pamoja na hukumu ya kifo. Karibu kinyume kabisa cha kile kinachoandikwa kwenye mitihani.

Cesare Lombroso hahitaji nafasi kubwa. Mwaka 1876 alidai kuwa wapo wanaozaliwa wahalifu na kwamba alama zao zinaonekana mwilini. Sera iliyofuata ni kumshughulikia mtu badala ya kosa, hata kumfungia bila ukomo. Mwaka 1913 Charles Goring alichapisha vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 wa Uingereza, na hakuiona miili hiyo ya kihalifu. Robert Merton naye, mwaka 1938, alisema jamii inawahimiza wote watajirike huku ikiwafungia wengine njia halali. Sera ni kufungua njia: elimu na ajira.

Mimi hupenda kumalizia na Lawrence Cohen na Marcus Felson wa mwaka 1979, kwa sababu sera inayolingana na dai lao ilikuwa imeshajaribiwa. Kwao kosa hutokea pale mwenye nia anapokutana na kitu cha kuvutia kisicho na mlinzi. Basi gusa nafasi, achana na tabia. Mwaka 1963 Ujerumani Magharibi ililazimisha magari yote, mapya na ya zamani, yawe na kufuli la usukani, na wizi wa magari ukashuka sana. Uingereza ililazimisha mwaka 1971 kwa magari mapya tu. Wezi wakahamia kwenye ya zamani.