Je, mwili hugoma kupungua ukidaiti muda mrefu?

"Ukidaiti muda mrefu mwili unafunga kuchoma mafuta. Hata ule kidogo vipi, hupungui tena."

Ujumbe huu bado unazunguka kwenye magrupu yetu hapa Dodoma. Una chembe ya ukweli, ila imekuzwa mno. Chukua mama aliyeshuka kutoka kilo 85 hadi 75. Mwili uliopungua huhitaji nishati kidogo: kila kilo iliyotoka hupunguza takribani kalori 10 kwa siku, hata akiwa amepumzika. Hapo tayari 100 zimeondoka, na huko si kugoma. Juu yake mwili hubana matumizi zaidi, mara nyingi kwa makumi ya kalori hadi 100 hivi, na sehemu ya mbano huo hulegea uzito ukitulia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina kama 120.

Kinachowachanganya watu ni mzani kusimama. Mara nyingi maji mwilini yanaficha kilichopungua, au vipimo vya chakula vimelegea, au mtu anajongea kidogo bila kujijua. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko, jipime kila asubuhi kwa wiki tatu, kisha linganisha wastani wa kila wiki.

Tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo. Unawakatisha tamaa watu ambao bado wanapungua.