Uchambuzi wa soko kwa Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Dhana: Tarakimu hazitafsiriwi, zinahamishwa tu kama zilivyo.

Ukweli: Hapa ndipo mipango mingi ya biashara inayotafsiriwa kwa Kiingereza inapoharibika. Tuseme ushirika wa mwani wa Micheweni, Pemba, unaomba mkopo wa mashine ya kusagia kwa mkopeshaji wa Ulaya. Mpango umeandika: "Kila bamvua tunavuna magunia 90." Mtu wa Micheweni hana la kuuliza. Afisa mikopo atakisia gunia ni kilo 50, apate kilo 4,500. Lakini ni mwani mbichi au mkavu? Mwani ukikauka, uzito hushuka mara saba hadi kumi, kwa hiyo kilo hizo zikiwa mbichi, za kuuza ni kama 450 hadi 640 tu. Tena bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi. Akizidisha kwa 24 atapotea, maana mwani hukaa baharini wiki sita hivi kabla ya kuvunwa. Kama magunia 90 ni ya kamba zote zilizofungwa mwani, mavuno hayafiki tisa kwa mwaka.

Mfasiri hana ruhusa ya kukisia kwa niaba yao. Ampigie simu katibu, gunia lipimwe kwenye mizani, iandikwe kilo ngapi, mkavu au mbichi, na mara ngapi kwa mwaka. Na marekebisho yaingie kwanza kwenye nakala ya Kiswahili, maana mkopeshaji anaweza kumtuma mtu wa hapa hapa ailinganishe na ya Kiingereza.

Dhana: Mwani ni mwani.

Ukweli: Kuna aina mbili, spinosamu na kotonii, na bei zake ni tofauti. Kotonii hulipa zaidi, ila haistahimili maji ya joto, na wakulima wengi wameiacha. Mpango ukitaja bei ya kotonii huku kamba zote ni za spinosamu, Kiingereza kizuri hakitaficha pengo hilo.

Dhana: Mkopeshaji wa nje anataka maneno makubwa.

Ukweli: "Wanunuzi ni wengi" ikigeuzwa kuwa soko kubwa linalokua kwa kasi, mfasiri ameongeza dai ambalo ushirika utaulizwa ushahidi wake. Mwani mkavu kwa kawaida hununuliwa na kampuni chache za kusafirisha nje. Bora waorodheshwe wanunuzi hao na kilo walizonunua.

Dhana: Mwaka ni mwaka, dola ni dola.

Ukweli: Takwimu za bajeti ya Serikali zikisema 2022/23, ni Julai hadi Juni, si mwaka wa kalenda, na lazima ielezwe hivyo. Bei nazo ziachwe kwa shilingi, dola ziwekwe pembeni pamoja na kiwango cha kubadilisha na tarehe yake. Nimeona mpango wenye viwango viwili tofauti katika kurasa zinazofuatana. Afisa alirudisha faili zima bila kufika ukurasa wa faida.