Kibodi haijafa: umewasha Slow Keys kwa mtu anayehitaji Bounce Keys

Mwezi huu nimeletewa kibodi mbili mpya kabisa, ambazo zilinunuliwa kuchukua nafasi ya kibodi nyingine mbili ambazo nazo hazikuwa na kasoro yoyote. Katika visa vyote viwili hadithi ni ileile: mtu ana mikono inayotetemeka, ndugu au fundi mwenye nia njema akasikia kwamba Filter Keys, mpangilio wa kibodi ulio ndani ya Windows, ni dawa ya mtetemeko, akaiwasha bila kugusa kitu kingine, na kuanzia dakika hiyo kibodi ikaacha kuandika. Fundi akatoa hukumu kwamba kibodi imekufa. Imani kwamba Filter Keys ni swichi moja, ambayo ukiiwasha mtetemeko unachujwa, nimeikanusha kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba sasa naandika, ili siku nyingine nitume kiungo tu na kurudi kwenye chai yangu.

Filter Keys ni jina la kabati lenye vitu vitatu ndani, na vitu hivyo vinatibu makosa matatu yasiyofanana. Slow Keys hudai kitufe kishikiliwe kwa muda fulani kabla herufi haijakubaliwa, kwa hiyo inamfaa mtu ambaye vidole vyake hugusa vitufe vya jirani njiani. Bounce Keys huikubali herufi papo hapo, lakini baada ya kitufe kuachiwa hukataa kitufe hichohicho kisibonyezwe tena mpaka muda fulani upite. Hii ni ya mtu ambaye kidole chake hudunda. Repeat Keys hushughulika na yule anayechelewa kuinua kidole, akaachiwa mstari mzima wa herufi moja.

Sasa angalia kinachotokea katika Windows unapowasha Filter Keys bila kuchagua chochote. Thamani ya kusubiri inayokuja na mfumo ni milisekunde 1000, na thamani ya Bounce Keys ni 0. Maana yake umewasha Slow Keys ya sekunde nzima, na umemwachia mtu mwenye mtetemeko kibodi inayomtaka ashikilie kila herufi kwa sekunde moja bila kidole kuteleza, jambo ambalo ndilo hasa mkono wake hauwezi. Yeyote anayebonyeza kwa kasi ya kawaida haoni herufi hata moja. Kibodi si mbovu. Inatii amri isiyo na huruma. Njia ya kutambua ni rahisi: shikilia herufi moja huku ukihesabu polepole, na ikitokea baada ya kama sekunde moja, basi usiende dukani. Hali hiyohiyo humpata hata mtu asiye na mtetemeko anayepumzisha kidole juu ya Shift ya kulia kwa sekunde 8, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya mkato ya kuiwasha, na wengi hukubali kisanduku kinachotokea bila kukisoma.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama mtu ana mtetemeko, bali ni kosa gani linatokea kwenye skrini. Mteja wangu mmoja, karani mstaafu ambaye mikono yake hutetemeka zaidi anapoitumia kuliko anapoipumzisha, alikuja na mojawapo ya zile kibodi mpya. Nilizima kila kitu, nikampa aya fupi ya maneno 40, nikamwomba aiandike bila kusahihisha chochote. Hapa ndipo watu huharakisha, wakati aya hiyo chafu ndiyo kipimo chenyewe. Tulihesabu makosa 19. Kati yake 14 yalikuwa herufi moja iliyorudiwa mara mbili, kama «kkesho», «barrua» na «sshule». Matatu yalikuwa mistari mirefu ya herufi moja. Na mawili tu yalikuwa vitufe vya jirani. Kiswahili kina neema yake katika jambo hili, kwa sababu konsonanti pacha ni chache, nyingi zikiwa katika maneno kama «mmoja», «mmea» na «nne», kwa hiyo ukikuta konsonanti imejirudia kwingineko, karibu kila mara ni kidole kilichodunda. Mtu wa makosa kama hayo hana haja na Slow Keys hata kidogo. Anahitaji Bounce Keys.

Niliiwasha kwa muda mfupi zaidi unaotolewa na ukurasa wa mipangilio ya Windows, yaani nusu sekunde, nikamwambia aandike tena. Herufi pacha zilitoweka, naye akafurahi kwa muda wa kama sentensi mbili. Kisha akanitazama juu ya miwani.

«Mwanangu, saa yangu imekuwa sa, na mzee amekuwa mze.»

«Samahani, Mzee. Hilo ni kosa langu, si lako.»

Neema ileile ya konsonanti hugeuka adha upande wa irabu, kwa kuwa tuna «saa», «kaa», «juu», «choo», «taarifa» na mamia mengine, na kwa mpangilio wa nusu sekunde mwandishi analazimika kusimama katikati ya neno, kungoja, kisha kubonyeza irabu ya pili. Hakuna anayeandika hivyo kwa zaidi ya siku moja. Huzima kila kitu na kurudi kwenye «kkesho» yake, na ndipo nasikia kwamba mipangilio hii haifanyi kazi.

Tatizo ni kwamba nusu sekunde ni ndefu mno kwa kinachotibiwa. Mtetemeko wa aina ya mteja wangu kwa kawaida huenda kati ya mara 4 na 12 kwa sekunde, na ule wa Parkinson wakati wa kupumzika kati ya 4 na 6. Mkono unaotetemeka mara 6 kwa sekunde hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 167, na ndani ya muda huo kuna kubonyeza, kuachia na kubonyeza tena. Pengo kati ya kuachia na kubonyeza tena, ambalo ndilo Bounce Keys hulipima, ni fupi kuliko mzunguko mzima. Niliichomeka kibodi yake kwenye kompyuta yangu ya Linux, nikafungua programu ya `xev`, ambayo huandika wakati wa kila tukio la kitufe kwa milisekunde. Midundo yake isiyokusudiwa ilikuwa na mapengo ya kati ya 60 na 140, na alipoandika «saa» kwa makusudi, pengo kati ya irabu mbili halikushuka chini ya 280. Kati ya 140 na 280 kuna uwanja mpana wa kusimama, nasi tukasimama kwenye 200.

Ukurasa wa mipangilio haukupi 200, kwa hiyo lazima uingie kwenye sajili ya Windows. Kwanza washa Filter Keys na uchague Bounce Keys kwenye ukurasa wenyewe, kisha andika haya:

```
reg add "HKCU\Control Panel\Accessibility\Keyboard Response" /v BounceTime /t REG_SZ /d 200 /f
reg add "HKCU\Control Panel\Accessibility\Keyboard Response" /v DelayBeforeAcceptance /t REG_SZ /d 0 /f
```

Mstari wa pili si pambo. Windows haikubali muda wa kusubiri na muda wa kudunda kwa pamoja. Kimoja kikiwa na thamani, kingine lazima kiwe sifuri. Baada ya hapo toka kwenye akaunti na uingie upya, na usirudi kuchagua muda kwenye ukurasa wa mipangilio, kwa sababu chaguo lako jipya litaifuta namba yako. Kwenye GNOME, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, kazi ni nyepesi zaidi, maana Slow Keys na Bounce Keys ni swichi mbili tofauti na namba unaiweka moja kwa moja:

```
gsettings set org.gnome.desktop.a11y.keyboard bouncekeys-enable true
gsettings set org.gnome.desktop.a11y.keyboard bouncekeys-delay 200
```

Sasa Sticky Keys, ambayo nitaipitia kwa haraka kwa sababu kwa mtu wa mkono mmoja asiye na mtetemeko inafanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza: unabonyeza Shift, unaachia, unabonyeza herufi, basi. Mtu huyo hahitaji Filter Keys, na tafadhali usimwashie zote mbili kwa kudhani kwamba ni pacha.

Kinachoniudhi ni pale mtu anapoandika kwa mkono mmoja na mkono huohuo unatetemeka. Sticky Keys huja na mambo mawili yaliyowashwa tayari. La kwanza ni kwamba ukibonyeza Shift mara mbili, inajifunga mpaka uibonyeze mara ya tatu. Kidole kinachodunda hubonyeza mara mbili bila kukusudia, na hapo sentensi yote hutoka kwa herufi kubwa, au mbaya zaidi, Ctrl hujifunga na kila herufi hugeuka kuwa amri. Nimemwona mtu akifunga dirisha la barua aliyoiandika kwa saa nzima kwa sababu Ctrl ilikuwa imejifunga naye akabonyeza «w» ya neno «watoto». La pili ni kwamba Sticky Keys hujizima yenyewe vitufe viwili vikibonyezwa kwa pamoja, kimoja kikiwa kati ya Shift, Ctrl na Alt. Sababu yake inaeleweka, kwani mtu wa mikono miwili akikaa kwenye kompyuta hiyo, mfumo humwondolea usumbufu. Lakini mkono unaotetemeka hugusa viwili pamoja kila mara, na mwenye kompyuta anabaki akijiuliza kwa nini msaada wake unakuja na kuondoka. Yote mawili yazime kwenye ukurasa wa Sticky Keys. Ile njia ya mkato ya kubonyeza Shift mara tano iache ilivyo, hata kama wacheza michezo wanaichukia, kwa sababu siku Sticky Keys itakapozimika ndiyo njia ya kuirudisha kwa kidole kimoja.

Nina shaka moja ambayo sijaitatua. Namba ya 200 niliipima asubuhi, mteja akiwa ameshakunywa dawa na hajachoka. Alasiri mapengo yalitanuka, na midundo michache ilianza kupenya. Ningeweza kupandisha hadi 250, lakini hapo «saa» yake ya asubuhi ingeanza kumezwa anapoandika kwa haraka kuliko nilivyompima. Nimewahi kufikiria faili mbili za amri, moja ya asubuhi na moja ya jioni, lakini kumtaka mtu aliyechoka atoke kwenye akaunti na kuingia upya kila siku naona ni mzigo mkubwa kuliko herufi tatu za ziada. Kwa sasa anazifuta kwa Backspace. Na ile mistari mirefu mitatu niliiacha kama ilivyokuwa, maana sipendi kubadili namba mbili kwa siku moja kisha nisijue ipi imesaidia.

Siku mbili baadaye alinipigia simu kwamba kompyuta inamkatalia neno la siri. Mipangilio yote niliyoieleza ni ya akaunti yake, ilhali skrini ya kuingilia ina mipangilio yake yenyewe, hivyo pale mbele ya mlango vidole vilikuwa vinadunda kama zamani, na nukta nyeusi zilificha herufi za ziada. Tulibonyeza alama ya jicho, tukaziona «rr» mbili zilizokuwa zikimfungia nje, kisha tukaweka PIN ndefu ambayo haina tarakimu mbili zinazofanana zikifuatana, ili akiona nukta zimezidi vitufe alivyokusudia kubonyeza, ajue kidole kimedunda na aanze upya kabla ya kufika tarakimu ya mwisho.