Pacha wa tatizo la mlo: muuza vidonge anapangaje bei?

Tatizo la mlo ni swali ambalo kila anayekwenda sokoni na pesa za kuhesabu analijua: nitapataje virutubishi ninavyohitaji kwa gharama ndogo kabisa? Wanahisabati wanaliambatanisha na swali la pili, linaloitwa pacha wake. Wengi wanalikariri kama kanuni ya kugeuza jedwali, safu ziwe mistari, na wanamaliza somo bila kujua linauliza nini. Mimi naona linaeleweka ukimfikiria muuza vidonge.

Tuchukue vyakula viwili tu, unga wa dona na maharage, kwa tarakimu nilizozikadiria ili hesabu iwe nyepesi. Gramu 100 za unga zina kilokalori 350 na gramu 8 za protini, bei shilingi 150. Gramu 100 za maharage zina kilokalori 350 na gramu 20 za protini, bei shilingi 270. Mtu anahitaji kilokalori 2,100 na gramu 60 za protini kwa siku. Mlo wa bei nafuu kuliko yote ni nusu kilo ya unga na gramu 100 za maharage: 750 jumlisha 270, yaani shilingi 1,020.

Sasa anakuja muuza vidonge. Ana vidonge vya nishati tupu na vya protini tupu, na anataka mteja wetu aache soko anunue kwake mahitaji yote ya siku. Kazi yake ni kupanga bei mbili, ya kilokalori moja na ya gramu moja ya protini, apate pesa nyingi iwezekanavyo. Ila mteja ana akili. Vidonge vyenye virutubishi sawa na vya gramu 100 za unga vikizidi shilingi 150, atanunua unga. Vya maharage vikizidi 270, atanunua maharage. Kwa hiyo kila chakula sokoni kinamwekea muuzaji sharti moja. Tukiita bei ya kilokalori n na bei ya gramu ya protini p:

```
350n + 8p  <= 150
350n + 20p <= 270
```

Bei bora kwake ni senti 20 kwa kilokalori na shilingi 10 kwa gramu ya protini. Akijaribu kupandisha protini hadi shilingi 11 bila kugusa nishati, vidonge vya unga vinafika 158 na mteja anaondoka. Akishusha nishati ili unga ukae sawa, vidonge vya maharage vinafika 282, navyo vinakataliwa. Mapato yake ya siku basi ni 2,100 mara 0.2, yaani 420, jumlisha 60 mara 10, yaani 600. Jumla ni shilingi 1,020, ileile ya mlo.

Kwamba hawezi kupita 1,020 ni rahisi kuona, kwa sababu vidonge vinavyolingana na ule unga havizidi 750 na vya yale maharage havizidi 270. Kwamba anaifikia kabisa ndiyo nadharia yenyewe ya upacha, na inatupa ushahidi. Mchumi George Stigler alipochapisha tatizo hili mwaka 1945, akiwa na vyakula 77 na virutubishi 9, alipata mlo wa dola 39.93 kwa mwaka, lakini hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba hakuna ulio nafuu zaidi. Kweli ulikuwepo: mwaka 1947 hesabu kamili ilitoa dola 39.69. Bei za vidonge zenye jumla inayolingana na gharama ya mlo ndizo zinazofunga mjadala wa namna hiyo.

Bei hizo huitwa bei kivuli, na zina kazi nyingine. Mteja akiambiwa ale gramu 61 za protini, gharama inapanda kwa shilingi 10 kamili, kwa kubadilisha gramu 8 na kidogo za unga kwa maharage. Pia zinapima chakula kipya. Tuseme dagaa wakavu gramu 100 wana kilokalori 300 na gramu 60 za protini. Kwa bei za vidonge wana thamani ya 60 jumlisha 600, yaani shilingi 660. Wakiuzwa 1,000, waache. Wakishuka hadi 600, muuza vidonge analazimika kupanga upya, na kwenye mlo dagaa wanachukua nafasi ya maharage; gharama inashuka hadi karibu shilingi 1,006.

Ila shilingi 10 haidumu kila mahali. Gramu 600 za unga peke yake zinatimiza nishati yote na tayari zina gramu 48 za protini. Hitaji likiwa gramu 40, protini inabaki ya ziada, na muuza vidonge hapati hata senti kwa protini: bei yake ni sifuri, na nishati inabeba gharama yote ya shilingi 900.